Homa Imepanda, Mapigo Yamebaki Nyuma

Ndugu msomaji, mazungumzo haya niliyasoma redioni juma lililopita. Wengi waliopitwa wameomba yachapishwe, na wengine waliosikia nusu wameomba nusu iliyobaki. Basi nayaleta kama nilivyoyasoma, isipokuwa mwishoni nimeongeza jibu la swali moja lililonifikia baada ya kipindi.

Nianze na usiku mmoja wodini. Mpwa wangu, kijana wa miaka 26, alikuwa amelazwa kwa siku ya sita, na kwa hesabu ya nyumbani ilikuwa siku ya 15 tangu aanze kuumwa. Saa 3 usiku joto lake lilikuwa nyuzi 38.4. Saa 4 na nusu dada yangu alimgusa paji la uso akakuta limepoa, limeloa jasho. Tukaweka kipimajoto kwapani, kikasoma 36.6. Dada akainua mikono juu akamshukuru Mungu. Mimi nikatoka nje kuwapigia simu jamaa niwape habari njema, kwamba homa iliyomsumbua kijana kwa majuma mawili sasa imekatika.

Niliporudi nilimkuta mama mdogo ameketi pembeni ya kitanda, vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wa mjukuu wake, macho kwenye saa ya ukutani. Mama mdogo ni muuguzi mstaafu, mwanafunzi wa enzi zile ambapo muuguzi alikuwa akijaza chati ya joto na mapigo kwa kalamu za rangi mbili. Hakutazama furaha yetu. Alimaliza dakika yake, akanyanyuka, akamwambia dada, "Kamwite nesi sasa hivi. Mapigo ni 124."

Nikamwuliza, "Mama, si homa imeshuka?"

Akanijibu, "Mwanangu, homa ya tumbo hushuka kwa ngazi. Hii imeruka dirishani."

Nitarudi kwenye usiku ule. Lakini ili uelewe kwa nini namba moja, yaani 124, ilimtia hofu kuliko siku zote ambazo kijana alikuwa akiwaka nyuzi 40, inabidi turudi nyuma kidogo tuzungumzie uhusiano wa joto na mapigo ya moyo.

Mtu mzima aliyepumzika, moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Mwili ukipata homa, moyo nao huongeza mwendo. Sababu ni mbili kubwa. Kwanza, kuna fundo dogo la chembe katika moyo ambalo ndilo linalotoa amri ya kila pigo, na chembe hizo zikipata joto hufanya kazi haraka zaidi. Pili, mwili wenye homa unachoma chakula na hewa zaidi, na unataka damu nyingi ipelekwe kwenye ngozi ili joto litoke. Moyo hauna budi kukimbia. Ndiyo maana ukiwa na malaria, au nimonia, au jipu kubwa, unasikia moyo ukigonga hata masikioni.

Madaktari waliweka hesabu ya jambo hili tangu karne ya 19. Mjerumani Carl von Liebermeister, aliyefariki mwaka 1901, ndiye jina lake limebaki kwenye kanuni isemayo kwamba kila joto likipanda nyuzi moja ya Selsiasi, mapigo huongezeka kama manane kwa dakika. Baadaye vitabu vya Marekani vikawa na kanuni kali zaidi, ya mapigo kumi kwa kila nyuzi moja ya Farenhaiti, ambayo ni sawa na mapigo 18 kwa nyuzi ya Selsiasi. Kanuni hizi mbili hazikubaliani, na usishangae, kwa maana mioyo ya watu haitoki kiwanda kimoja. Vijana wenye afya waliopimwa wakati wa homa na wakati wa uzima wamekuwa karibu zaidi na ile ya Mjerumani. Mimi binafsi nafuata hiyo, kwa kuwa haikimbilii kumshutumu mgonjwa.

Sasa, kuna homa chache ambazo hazifuati mwendo huo. Joto linapanda hadi 39, hadi 40, na mapigo yanabaki nyuma, kama punda aliyekataa kumfuata mwenye kamba. Mashuhuri kati ya homa hizo ni homa ya matumbo, ambayo mitaani tunaiita taifodi. Angalia vizuri nilivyosema: mapigo yanabaki nyuma. Sikusema yanakuwa ya chini. Mgonjwa anaweza kuwa na mapigo 84, namba ambayo ukiiona peke yake utasema ni ya mtu mzima kabisa. Ubaya wake unaonekana ukiiweka kando ya joto la nyuzi 40.

Hebu tufanye hesabu ya mpwa wangu, maana mama mdogo aliiandika yote katika daftari la shule la kurasa 48, na daftari hilo ninalo mbele yangu.

Kijana huyu alipoajiriwa alipimwa afya, na kadi yake inaonyesha mapigo 72 akiwa mzima, joto 37. Hilo lilikuwa bahati, kwa kuwa wengi wetu hatujui moyo wetu unapiga mara ngapi tukiwa wazima. Alianza kuumwa kichwa na uchovu siku ya Jumatatu. Homa haikuja kwa kishindo, haikumtetemesha. Jioni ya kwanza ilikuwa ndogo, jioni ya pili kubwa kidogo, asubuhi inapungua, jioni inazidi ya jana. Hiyo ndiyo ngazi ambayo Mjerumani mwingine, Wunderlich wa Leipzig, aliichora katika kitabu chake cha mwaka 1868 baada ya kupima joto la wagonjwa wengi kuliko mtu yeyote kabla yake. Siku ya nne kijana alikwenda kwenye zahanati moja ya mtaani. Kipimo cha malaria kilisema hana. Akapewa dawa ya malaria hata hivyo, na vidonge vya kutuliza homa. Siku ya saba akarudi, akaambiwa ana "malaria sugu".

Siku ya nane mama mdogo akaitwa. Akafika jioni, akamkuta mgonjwa amelala kitandani, mzito wa kujibu, tumbo limejaa, hajapata choo kwa siku tatu, ulimi umepakwa utando mweupe katikati na kingo nyekundu. Akauliza amekunywa dawa ya homa saa ngapi. Akaambiwa asubuhi. Akaweka kipimajoto, akahesabu mapigo kwa dakika nzima wakati kipimajoto kikiwa bado kwapani. Joto nyuzi 40. Mapigo 84.

Kwa kanuni ya Mjerumani, nyuzi 3 juu ya kawaida mara 8 ni 24. Ukijumlisha na 72 unapata 96. Kwa kanuni ya Marekani, 3 mara 18 ni 54, na jumla ni 126. Kijana alikuwa na 84. Hata kwa kanuni ile nyepesi, moyo wake ulikuwa umebaki nyuma kwa mapigo 12, na kwa ile kali kwa mapigo 42. Mama mdogo hakutamka jina la ugonjwa. Alirudia kesho yake asubuhi, joto 39.2 na mapigo 80, na jioni, joto 40.1 na mapigo 86. Hapo akasema, "Huyu hatibiwi hapa. Akatolewe damu ioteshwe." Asubuhi iliyofuata, siku ya kumi, kijana akalazwa.

Nataka nikae kidogo kwenye namna ya kuhesabu, kwa sababu ndipo watu wengi hukosea, na kosa moja linatosha kulifuta jambo lote.

Mgonjwa awe amelala au kuketi kimya kwa dakika tano hivi, asiwe ametoka chooni wala kutapika muda huohuo. Weka ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba lake. Usitumie dole gumba lako, kwa maana nalo lina mshipa, na utajikuta unahesabu moyo wako mwenyewe. Hesabu sekunde 60 kamili. Wale wanaohesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, pigo moja la kukosea linakuwa mapigo manne, na hapa tunatafuta tofauti ya mapigo kumi na kitu. Joto na mapigo yapimwe pamoja. Ukipima joto saa 12 jioni na mapigo saa 2 usiku baada ya mgonjwa kumeza paracetamoli, umepima watu wawili tofauti.

Kuna mtego mwingine ambao mama mdogo alinionyesha kwa kuniwekea vidole vyangu mwenyewe juu ya mkono wa kijana. Nilihesabu, nikapata 150 na kitu, nikashtuka. Akacheka. "Hesabu tena, taratibu. Kila pigo lina mtoto." Na kweli, nilipotulia nikasikia pigo kubwa, kisha kidogo hafifu nyuma yake, kisha nafasi, kisha kubwa tena. Katika homa ya matumbo mishipa ya damu hulegea, na wimbi la damu linaporudi husikika kama pigo la pili. Asiyejua huyahesabu yote mawili, anaandika namba maradufu, na dalili iliyokuwa wazi inapotea kwenye karatasi. Njia ya kujihakiki ni kuweka kiganja juu ya kifua upande wa kushoto, au daktari asikilize kwa chombo chake, kwa maana moyo wenyewe hupiga mara moja tu. Hata vile vifaa vya kubana kidoleni, ambavyo nyumba nyingi zilinunua wakati wa korona mwaka 2020 na 2021, wakati mwingine hudanganywa na mtoto huyo wa pigo.

Kwa nini taifodi inauzuia moyo kukimbia? Hapa wataalamu hawajafikia neno moja. Bakteria wa taifodi, wa jamii ya Salmonela, hawakai wakielea katika damu kama wengine. Wanamezwa na chembe za ulinzi za mwili, na badala ya kufa humo wanaishi ndani yake, wakisafiri hadi kwenye ini, wengu na uboho wa mifupa. Baadhi ya magonjwa mengine yenye tabia hii ya kubakiza mapigo nyuma yanaletwa pia na vijidudu vinavyojificha ndani ya chembe, mojawapo ikiwa brusela, ile homa ya maziwa mabichi wanayoijua wafugaji. Wako wanaosema kemikali zinazotolewa na chembe zilizovamiwa huuchochea ule mshipa wa fahamu unaoutuliza moyo. Wako wanaosema sumu ya ganda la bakteria inagusa misuli ya moyo yenyewe pamoja na njia zake za umeme. Huenda wote wana sehemu ya ukweli. Lakini hoja ya sumu ya ganda la bakteria haitoshelezi peke yake, kwa sababu homa ya manjano na dengi, zinazoletwa na virusi, nazo hufanya hivyo.

Na kwa kweli jina la kidaktari la dalili hii limetoka kwenye homa ya manjano. Jean-Charles Faget alikuwa daktari wa New Orleans, kule Luiziana, katika karne ya 19, wakati homa ya manjano ikiwaua watu wa mji ule karibu kila kiangazi. Shida yake ilikuwa kama yetu: kitandani yupo mtu anayewaka moto, je, ni malaria au ni ile nyingine? Hakukuwa na darubini ya kumsaidia. Akashika saa na kipimajoto, akagundua kwamba katika homa ya manjano mapigo huanza kushuka wakati joto bado liko juu. Mpaka leo madaktari wakiona homa kubwa na mapigo ya polepole husema wameona dalili ya Faget.

Sasa nisije nikawapoteza. Baada ya mama mdogo kunifunulia haya, nilikuwa tayari kumtangazia kila mtu kwamba ukipima joto na mapigo umekwishajua taifodi. Yeye ndiye aliyenishika mkono. Dalili hii haionekani kwa kila mgonjwa. Vitabu vikubwa vya tiba vinasema huonekana kwa chini ya nusu ya wagonjwa wa taifodi, homa inapokuwa kileleni. Kwa watoto haifai kabisa kutegemewa: uchunguzi wa watoto wa Malaysia uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta kwamba mapigo yao hayabaki nyuma wakiwa na taifodi. Basi mapigo yakiwa 120 usiseme "hii siyo taifodi". Na mapigo yakiwa 84 usiseme "hii ndiyo". Baadhi ya waandishi wameitaja hata malaria katika orodha ya homa zinazoweza kufanya hivyo, na wagonjwa wa korona nao walionekana nayo. Tena wapo watu ambao hesabu yao haisomeki tangu mwanzo, kama wanariadha ambao moyo wao hupiga mara 50 wakiwa wazima. Mwanariadha mwenye homa ya nyuzi 40 na mapigo 76 amefuata kanuni vizuri kabisa.

Kilichobaki basi ni nini? Kwa mtu mzima mwenye homa ya zaidi ya siku tano, iliyopanda kidogo kidogo, ambaye kipimo cha malaria hakikuona kitu, mapigo yaliyobaki nyuma ni sababu ya kukataa dozi nyingine ya malaria na kudai damu ioteshwe maabara. Nasema ioteshwe kwa makusudi. Kipimo kinachotolewa zaidi mitaani ni cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896, ambacho hutafuta askari wa mwili waliopigana na Salmonela. Shida ni kwamba askari hao hubaki hata baada ya vita vya zamani, na huitikia hata maadui wengine wanaofanana. Ndiyo maana mjini kila mtu ana "malaria na taifodi kwa pamoja" mara tatu kwa mwaka. Kuotesha damu nako kuna upungufu wake: katika kila wagonjwa kumi wenye taifodi kweli, kipimo huwakamata sita hivi, na hupungua zaidi mtu akiwa amekwishameza dawa za kuua bakteria. Ndiyo sababu damu hutolewa kwanza, dawa baadaye.

Kwa mpwa wangu bakteria waliota. Majibu yalifika siku ya tatu ya kulazwa, lakini sindano za seftriaksoni zilikuwa zimeanza mara baada ya damu kuchukuliwa. Daftari la mama mdogo linaendelea. Siku ya 11, joto 39.8, mapigo 84. Siku ya 12, joto 39.3, mapigo 82. Siku ya 13, joto 39, mapigo 82. Siku ya 14, joto 38.7, mapigo 80. Ukitazama utaona ngazi ile ile, safari hii ya kushuka. Dawa ikifanya kazi, homa ya taifodi haikatiki siku moja. Huchukua siku tatu, nne, tano, na mapigo hushuka polepole pamoja nayo.

Ndipo ukafika ule usiku wa siku ya 15. Sasa unaweza kusoma namba kama alivyozisoma mama mdogo. Saa 3, joto 38.4, mapigo 80. Saa 4 na nusu, joto 36.6, mapigo 124. Katika saa moja na nusu mistari miwili ya chati, ule wa joto uliokuwa juu na ule wa mapigo uliokuwa chini, imekatana kama mkasi. Joto limeporomoka na mapigo yamepaa. Hakuna dawa inayofanya hivyo.

Maelezo yake yako kwenye utumbo. Sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba ina vibaka vya tezi za ulinzi, na humo ndimo bakteria wa taifodi hukusanyika. Vibaka huvimba katika juma la kwanza, hufa katika la pili, na kuelekea la tatu hubanduka na kuacha vidonda. Kidonda kikifika kwenye mshipa, damu humwagikia ndani ya utumbo. Kikipenya ukuta mzima, utumbo hutoboka na uchafu humwagikia tumboni. Mtu anayevuja damu ndani hupoa mwili, hutoka jasho la baridi, na moyo, hata ule uliokuwa mvivu kwa majuma mawili, hulazimika kukimbia ili damu kidogo iliyobaki itoshe kuzunguka. Kwa hiyo katika ugonjwa huu mapigo yakipanda ghafla ni habari mbaya kuliko homa yenyewe, na joto likishuka ghafla pamoja nayo ni habari mbaya zaidi.

Nesi wa zamu alikuja. Nitamsifu, ingawa sitamtaja, kwa kuwa hakumwambia mama mdogo kwamba ndugu wa mgonjwa wanajifanya madaktari. Alipima shinikizo la damu, akakuta la juu limeshuka hadi 90. Akakimbia. Daktari alipofika alibonyeza tumbo. Lilikuwa limejaa lakini laini, bila ule ugumu wa ubao unaokuja utumbo ukitoboka. Hata hivyo walimpeleka eksirei ya kusimama kuona kama kuna hewa chini ya kiwambo cha kifua, maana hewa pale ni ushahidi wa tundu. Hapakuwa na hewa. Kabla ya saa 6 usiku kijana alipata choo, na choo kilikuwa damu nyekundu iliyokoza. Hapo hapakuwa na mjadala tena.

Alizuiwa kula na kunywa. Akawekewa dripu mikono yote miwili, na chupa mbili za damu, moja yangu na moja ya jirani wa mtaani aliyekuja kwa bodaboda usiku wa manane. Mapigo yakapimwa kila robo saa. Daftari linaonyesha 124, 126, 120, 118, kisha alfajiri 104, kisha saa 4 asubuhi 92. Daktari wa upasuaji alikuwa amesimama tayari, lakini hakuhitajika. Homa ilirudi kidogo kesho yake, nyuzi 38, na mama mdogo alipoiona akatabasamu kwa mara ya kwanza. Jambo hilo lilimuudhi sana dada yangu.

Alitoka hospitali siku ya 26. Katika juma la kwanza nyumbani mapigo yake yalikuwa 56, ya polepole hata kuliko ya kawaida yake, na hilo nalo ni jambo linalojulikana kwa wanaopona taifodi. Baada ya miezi miwili alihesabu mwenyewe, akapata 70.

Sasa swali lililonifikia baada ya kipindi. Msikilizaji mmoja anasema mama yake ana miaka 58, ana homa ya nyuzi 39.5 kwa siku ya pili, na mapigo yake ni 74. Je, hii ni taifodi? Nilimwuliza kama mama anatumia dawa yoyote. Akajibu kwamba anameza atenololi kila asubuhi kwa ajili ya shinikizo la damu. Ndugu msikilizaji, atenololi na ndugu zake, propranololi akiwemo, kazi yao ni kuuzuia moyo usikimbie. Hata malaria kali inaweza kumpa mama huyo mapigo 74. Hesabu yote niliyoieleza haimhusu, wala haimhusu mwenye kifaa cha kuongoza mapigo kifuani, wala mwenye moyo unaopiga bila mpangilio. Nimemshauri asiache dawa ile kwa ghafla, ampeleke mama leo leo apimwe malaria kwanza, na amwambie daktari jina la kidonge kabla mtu yeyote hajamshika mkono kuhesabu.